Ufa wa Siku ya Kwanza

Chukua mfano wa mpangaji mmoja wa Nairobi aliyekaa miaka mitatu katika nyumba aliyoilipia dipoziti ya shilingi 25,000. Alipohama alirudishiwa 4,500 pamoja na orodha: rangi 12,000, kioo cha dirisha 3,500, kitasa 2,000, usafi 3,000. Risiti hata moja haikuambatanishwa.

Jambo la kwanza ni kurudi kwenye mkataba. Wake ulimtaka airudishe nyumba "kama alivyoipokea", na picha zake ndizo zinazoonyesha aliipokeaje. Siku ya kuingia alipiga kila chumba mara mbili: kwanza kwa mbali, ukuta uonekane ni wa wapi, kisha kwa karibu, kalamu ikiwa kando ya ufa ili urefu wake ujulikane. Akazipa namba, akaandika orodha, na jioni hiyohiyo akamtumia mwenye nyumba vyote kwa WhatsApp. Hapo alifanya la maana sana. WhatsApp huzifuta taarifa za tarehe zilizomo ndani ya picha, kwa hiyo za awali alizibakiza kwenye simu, lakini ujumbe wenyewe unathibitisha mwenye nyumba alizipata lini.

Barua yake inafuata orodha ya makato, kipengele kwa kipengele. Kioo: picha namba 7, ya siku ya kuingia, inaonyesha ufa uleule, kona ileile. Rangi: picha namba 2 na 3 zinaonyesha kuta za sebule zikiwa tayari na madoa ya unyevu, na kufifia kwa rangi ya vyumba vya kulala kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida. Kitasa alikivunja yeye, naye anakiri. Kukiri huko hakumpunguzii kitu. Msomaji wa barua anaona anashughulika na mtu mkweli.

Usafi ndio udhaifu wake, kwani siku ya kutoka hakupiga picha. Kwa hiyo hakani; anaomba risiti, na yuko tayari kulipa kitakachoonekana humo. Anachodai moja kwa moja ni 15,500.

Mambo yangekuwa magumu zaidi kama mkataba ungesema mpangaji apake rangi upya anapotoka, kama inavyoandikwa katika mikataba mingi. Picha za madoa zisingekiondoa kifungu hicho. Angebaki kubishania kiasi tu: vyumba vingapi vilipakwa, na fundi alilipwa ngapi.

Barua inafunga kwa siku 14, namba ya kutumiwa pesa, na taarifa kwamba baada ya hapo shauri litapelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Nakala ya barua, mkataba, picha na orodha ya makato ndiyo bahasha ambayo mpangaji ataingia nayo huko.