Kisawe hujaribiwa ndani ya sentensi

Chukua swali la aina inayopendwa na watungaji wa mitihani ya darasa la saba: “Mwalimu alimkanya Juma asichezee moto.” Kisawe cha neno “alimkanya” ni kipi kati ya alimkanyaga, alimkemea, alimshauri na alimwonya?

Kabla ya kutazama majibu, yafunike kwa kidole na ujaze neno lako mwenyewe. Wengi watasema “alimkataza”. Halimo, lakini sasa unajua unachotafuta.

Kisha weka kila jibu mahali pa neno hilo na usome sentensi nzima kimoyomoyo. “Mwalimu alimkanyaga Juma asichezee moto” ni kichekesho. Neno hilo limewekwa kwa sababu linafanana kwa sauti, na huwanasa wanaosoma maneno bila sentensi. “Alimkemea” linayumba: kwa kawaida mtu hukemewa kwa kosa alilokwisha kulifanya, na hapa Juma bado hajagusa moto.

Yamebaki mawili, na yote yanakaa vizuri. Hapa ndipo watahiniwa hubahatisha, ilhali kuna jaribio la pili: lirudishe neno la swali katika sentensi nyingine. “Daktari alinishauri ninywe maji mengi” inaeleweka. “Daktari alinikanya ninywe maji mengi” haisemeki, kwa kuwa kukanya ni kuzuia. Kushauri kunaweza kuhimiza, tena kunamwachia msikilizaji hiari. “Alimwonya” ndilo jibu.

Jaribio hili la pili huchukua muda, kwa hiyo litumie pale tu majibu mawili yanapobanana.