Kununua kamio ya pili ao kukodi? Tuchore mti kwanza



Wakati wa mavuno, kamio moja ya koperative inaweza kushindwa kupeleka mihogo na maharagi yote toka Katana mpaka Bukavu. Hapo wengine wanasema tununue ya pili, wengine wanasema tuendelee kukodi. Mti wa maamuzi unasaidia kupima mawazo hayo mawili kwa dola. Hesabu za hapa chini ni mfano tu. Ninyi mtaweka zenu.

Chora kiboksi: hapo sisi ndio tunachagua. Toa matawi mawili, «kununua» na «kukodi». Kwenye mwisho wa kila tawi chora duara: hapo hatuchagui tena, ni mvua na shamba vinaamua. Kila duara lina matawi mawili, mavuno mengi na mavuno machache. Tuseme daftari la depo linaonyesha kama katika miaka 10, mavuno yalikuwa mengi mara 6 na machache mara 4.

Sasa tuandike faida ya mwaka mmoja kwenye kila ncha. Kamio ya dola 20,000 itakayotumika miaka 5 inakula dola 4,000 kila mwaka, hata ikilala tu. Tukishatoa hizo, pamoja na mazutu, shofere, matairi na matengenezo, tuseme inabaki hivi:

Kununua: mavuno mengi, faida 9,000, machache, hasara 4,000.
Kukodi: mavuno mengi, faida 5,000; machache, faida 1,000.

Tunazidisha kila faida kwa nafasi yake, kisha tunajumlisha:

Kununua: (0.6 × 9,000) − (0.4 × 4,000) = 3,800
Kukodi: (0.6 × 5,000) + (0.4 × 1,000) = 3,400

Kununua kunashinda kwa dola 400. Lakini msikimbie sokoni bado. Tujaribu miaka mizuri ikiwa 5 juu ya 10: kununua kunashuka mpaka 2,500, kukodi kunabaki 3,000. Mwaka mmoja tu umegeuza jibu! Kwa hiyo hesabu ya miaka ndiyo ya kuchunguza sana, na daftari lipite kumbukumbu za kichwa, maana mwaka wa mavuno makubwa hausahauliki haraka. Na kama barabara inafungwa mara kwa mara, miaka hiyo ihesabiwe kati ya mibaya.

Tena, 3,800 ni wastani wa miaka mingi. Hakuna mwaka utakaoleta hiyo kamili: ni 9,000 ao hasara 4,000. Basi kabla ya kupiga kura, muulize mweka hazina: mwaka mbaya ukitangulia, hiyo 4,000 itatoka wapi? Kama jibu ni pesa ya mbegu, afazali kukodi, hata kama mti unasema kununua.