Pointi Mara Mbili, Siku Sitini

Ujumbe uliingia Alhamisi jioni, wakati watu wa nyumbani wanahesabu kilichobaki jikoni. Ulisema: Wikendi hii pata pointi MARA MBILI kwa kila ununuzi, Ijumaa hadi Jumapili. Chini yake, kwa herufi ndogo, yale maneno tunayoyajua sote: vigezo na masharti kuzingatiwa. Dada yangu aliusoma mstari wa juu akaanza kuandika orodha. Mimi nilifungua kile kiungo cha chini, kwa sababu nimewahi kuchomeka.

Niliyoyakuta humo ndiyo haya. Duka hili, kama maduka mengi makubwa ya hapa Kenya, hutoa pointi 1 kwa kila shilingi 100. Ukija kuitumia, pointi 1 ni shilingi 1. Yaani siku za kawaida duka linakurudishia shilingi moja katika mia, na mara mbili ni shilingi mbili katika mia. Hapo hakuna uongo wowote. Ila neno "mara mbili" lina sauti kubwa kuliko shilingi mbili, na tangazo limeandikwa kwa kuijua sauti hiyo.

Tuufuate mkokoteni wa dada yangu mpaka kwa keshia. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 4 Oktoba, foleni imefika kwenye friji za maziwa. Jumla ya bidhaa zake ilikuwa shilingi 6,480. Kwa hesabu ya kichwani alitarajia pointi 64, mara mbili 128. Risiti ilipotoka, mistari ya mwisho ilisomeka hivi: pointi za leo 37, nyongeza 37, jumla ya kadi 122. Kumbe kabla ya hapo alikuwa na 48.

"Mashine yenu imekula pointi zangu," alimwambia keshia.

"Hapana dada," akajibiwa kwa upole wa mtu aliyejibu swali hilo tangu asubuhi. "Gesi haina pointi. Unga pia, sukari pia. Na maziwa ya mtoto."

Hizo bidhaa nne zilikuwa shilingi 2,730: gesi ya kilo 6 kwa 1,200, maziwa ya kopo ya mtoto 900, pakiti mbili za unga 330, na kilo mbili za sukari 300. Zilizobaki ni 3,750. Gawanya kwa 100 upate 37 na nusu, na ile nusu hutupwa, kwa kuwa mashine huhesabu mia nzima tu. Ndiyo maana ni hasara kugawa manunuzi katika risiti tatu ndogo: kila risiti hutupa mabaki yake.

Unga, sukari na gesi huachwa nje kwa sababu duka hupata faida nyembamba sana juu yake. Huuzwa kwa bei ya kuvutia ili uingie ndani, kisha faida ipatikane kwenye sabuni, biskuti na shampuu. Ukitoa shilingi mbili katika mia juu ya unga, huenda duka likabaki mikono mitupu. Maziwa ya watoto wachanga ni habari nyingine. Hapo ni sheria: Kenya ilipitisha mwaka 2012 sheria ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama, inayokataza kuyauza kwa vishawishi, na msingi wake ni kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1981. Sigara nazo hazitangazwi kwa zawadi. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mchanga, ambaye matumizi yake ndiyo makubwa, ndiye anayeambulia kidogo wikendi kama hii.

Ukizigawa zile pointi 74 kwa shilingi 6,480 zote alizolipa, dada yangu alirudishiwa shilingi 1 na senti 14 kwa kila mia. Si mbili. Siku ya kawaida angerudishiwa senti 57. Namba hiyo ndiyo ya kuikumbuka unapolinganisha na duka la jirani. Mafuta ya kupikia ya shilingi 900 yangempa pointi 18 wikendi hiyo. Kama ng'ambo ya barabara yanauzwa 860, amepoteza shilingi 22 kwa kufuata zawadi.

Mpaka hapa ni hesabu ya kuingiza. Ya kutoka ndiyo yenye mitego, na ndiyo watu wengi hawaisomi.

Pointi hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kadi kulala: usiponunua kitu kwa muda fulani, tuseme miezi 12, kadi nzima husafishwa. Pakiti moja ya kiberiti yenye namba yako ya simu mara nyingi hutosha kuiamsha. Ya pili ni ya tarehe: kila pointi ina siku yake ya kuzaliwa na siku yake ya kufa, na kununua tena leo hakuziokoi zile za zamani. Mtu aliyezoea duka la aina ya kwanza akihamia la aina ya pili hujiona salama kwa sababu anaenda kila wiki, huku pointi zake zinamwagika taratibu kama maji ya ndoo iliyopasuka.

Duka la dada yangu ni la aina ya pili. Pointi za kawaida huishi mpaka tarehe 31 Desemba ya mwaka unaofuata. Za nyongeza, zile 37 za wikendi, huishi siku 60 tu. Hesabu kutoka tarehe 4 Oktoba: zinakufa tarehe 3 Desemba. Yaani kabla hujaanza manunuzi ya Krismasi, wakati ule hasa ambao mtu angetamani kuzitumia. Sijui kama mpanga tarehe alikusudia, lakini kalenda anaijua.

Kuna kanuni nyingine iliyojificha kwenye kifungu cha tisa: pointi hutumika kwa mamia tu. Ukiwa na 99 huna kitu. Dada yangu ana 122, hivyo anaweza kutumia 100 na kubakiwa na 22. Swali ni moja ambalo hata meneja wa zamu ilibidi apige simu kulijibu: mashine huanza kutoa zipi?

Ikiwa inaanza na zile zinazokaribia kufa, itachukua 37 za nyongeza, kisha 48 za zamani, kisha 15 za kawaida za Jumamosi. Zitakazobaki ni 22 za kawaida, zenye uhai mpaka Desemba ya mwaka ujao, na zinaweza kusubiri wenzao zifike mia. Ikiwa inaanza na zilizoingia kwanza, itachukua 48 za zamani, 37 za kawaida, na 15 tu za nyongeza. Zitakazobaki ni 22 za nyongeza. Hizo, asipopata nyingine 78 kabla ya tarehe 3 Desemba, zimekwenda. Kadi ni ileile na matumizi ni yaleyale. Tofauti ni mpangilio tu ndani ya kompyuta. Jibu la simu lilikuwa: zilizoingia kwanza.

Ni shilingi 22, najua. Haifiki hata bei ya chai na mandazi mbili. Lakini zidisha kwa kila aliyepanga foleni siku hiyo uone kwa nini mtu wa mahesabu wa duka analijua jibu hata kama meneja wa zamu halijui. Tangu mwaka 2018, kanuni ya kimataifa ya mahesabu iitwayo IFRS 15 huzitaka kampuni zizitazame pointi kama deni kwa mteja. Ukilipa shilingi 100, duka halihesabu mia yote kuwa mapato ya leo. Likikadiria kwamba katika kila pointi kumi tisa zitatumika, hutenga karibu senti 89 kando, zingoje. Ukitumia pointi, deni limelipwa. Pointi zikifa, deni limefutika. Na ile pointi ya kumi ambayo duka lilitarajia hutaitumia imo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza. Usahaulifu wako umeshapangiwa bajeti.

Hesabu hiyo inaweza kumgeukia mwenyewe. Huko Kanada, mpango mkubwa wa Air Miles ulitangaza mwaka 2011 kwamba pointi zitakuwa zinakufa baada ya miaka 5, na kundi la kwanza lilipangwa kufa tarehe 31 Desemba 2016. Mwaka huo ulipokuwa unaisha watu walikimbilia kuzitumia, wakangoja kwenye simu muda mrefu, wakalalamika kwamba zawadi walizozitaka hazionekani. Tarehe 1 Desemba 2016, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, kampuni ikaufuta mpango. Mwezi huohuo bunge la jimbo la Ontario likapitisha sheria kwamba pointi hazitakufa kwa sababu ya muda kupita tu. Kwetu huku kinachokulinda zaidi ni kile kifungu cha tisa, na macho yako.

Wala tarehe si kifo pekee. Nakumatt ilipoporomoka, pointi za Smart Card zilibaki bila rafu za kuzitumia. Pointi si akiba ya benki. Ni ahadi ya duka, na umri wake hauwezi kuzidi umri wa duka.

Kwa anayetaka kuifaidi wikendi yenyewe, mambo yanaamuliwa pale kwenye kaunta kwa sekunde chache. Namba ya simu itajwe kabla ya malipo kufungwa. Baada ya hapo keshia hana la kufanya, na utaambiwa ulete risiti kwa huduma kwa wateja ndani ya siku 7. Itaje polepole, kisha angalia tarakimu tatu za mwisho kwenye skrini. Hapo ndipo nilipochomeka mimi: kwa miezi minne pointi zangu zilikuwa zinaingia kwa mtu ambaye namba yake inatofautiana na yangu kwa tarakimu moja, nami siangalii risiti. Duka, ambalo silitaji, lilinirudishia za wiki ya mwisho tu. Kiasi unacholipa kwa pointi hakizai pointi nyingine, na ukirudisha bidhaa, pointi zake huondolewa pamoja na nyongeza yake. Saa inayohesabika ni ya mashine ya keshia, si ya kuingia foleni. Jumapili saa mbili kasoro tano usiku, ukiwa na watu sita mbele yako, huna wikendi tena.

Dada yangu alirudi tarehe 29 Novemba. Alikuwa ameandika "3 Des" kwa kalamu nyuma ya risiti na kuibandika kwenye mlango wa friji. Alitumia pointi 100 kwa mche wa sabuni na tishu, vitu ambavyo angevinunua hata hivyo, akalipa tofauti kwa simu. Risiti mpya ikaonyesha salio: 22. Siku nne baadaye, bila ujumbe wowote, likawa 0.