Swali Lile Lile, Mwendo Tofauti

Microsoft huwapa wanaojifunza SQL Server hifadhidata ya mazoezi iitwayo AdventureWorks, yenye kumbukumbu za kampuni ya kubuni inayouza baiskeli na vifaa vyake. Jedwali la mauzo la kampuni hiyo lina mistari 121,317. Chupa ya maji, bidhaa nambari 870, inaonekana kwenye mistari 4,688. Fremu moja ya bluu, nambari 897, inaonekana kwenye mistari 2 tu. Pengo hilo kati ya chupa na fremu linatosha kuonyesha jinsi ripoti iliyokuwa ikifunguka papo hapo inavyoweza kuanza kusuasua asubuhi moja, ilhali hakuna aliyegusa hata herufi moja ya programu.

Tuseme mwandishi wa programu amehifadhi ndani ya seva swali linalotaka mauzo ya bidhaa yoyote itakayotajwa:

```sql
CREATE PROCEDURE dbo.MauzoYaBidhaa @ProductID int AS
SELECT SalesOrderID, OrderQty, UnitPrice
FROM Sales.SalesOrderDetail
WHERE ProductID = @ProductID;
```

Swali ni moja, kinachobadilika ni nambari ya bidhaa tu. Hiyo ndiyo parameta. Kabla ya kujibu, seva inapaswa kuamua itazipataje data hizo, na hapa ina njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupitia faharasa. Kama faharasa iliyo nyuma ya kitabu, hii humwonyesha msomaji kurasa zinazotaja jambo analolitafuta, kisha ni juu yake kufunua ukurasa mmoja mmoja. Faharasa ya jedwali letu inajua kila mahali bidhaa ilipo, lakini haina idadi wala bei. Kwa hiyo kwa kila mstari seva hulazimika kurudi kwenye jedwali lenyewe, na kila safari husoma kurasa 3. (Ukurasa wa SQL Server ni kilobaiti 8.) Njia ya pili ni kusoma jedwali lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, takriban kurasa 1,240, bila kujali bidhaa ni ipi.

Kwa fremu ya bluu hakuna ubishi: safari 2 za kurasa 3, pamoja na kurasa chache za faharasa yenyewe, ni kazi ndogo mno. Kwa chupa ya maji hesabu hugeuka. Safari 4,688 za kurasa 3 ni usomaji wa kurasa zaidi ya 14,000, yaani mara kumi na zaidi ya gharama ya kusoma jedwali zima. Seva huyajua haya mapema kwa sababu hutunza takwimu za jedwali, ambazo huonyesha kwa hatua zisizozidi 200 ni thamani zipi zimejaa na zipi ni adimu.

Tatizo huanzia kwenye kubana matumizi. Kutunga mpango wa utekelezaji hula nguvu ya kichakato, hivyo SQL Server haiutungi upya kila mara. Prosija inapoitwa kwa mara ya kwanza, seva huitazama thamani iliyoletwa, hupima takwimu, huchagua njia inayoifaa thamani hiyo, kisha huuweka mpango kwenye kumbukumbu ili utumiwe na wote watakaofuata. Kitendo hicho cha kuitazama thamani ya kwanza ndicho wataalamu wanachokiita kunusa parameta. Akitangulia mtu wa fremu, mpango wa faharasa ndio utakaowekwa, na anayekuja baadaye kuuliza chupa ya maji atapitishwa njia hiyo hiyo ya kurasa 14,000. Akitangulia wa chupa, wa fremu atasomewa jedwali zima ili apewe mistari miwili.

Katika jedwali dogo kama hili hasara ni ya sehemu ya sekunde. Kwenye jedwali la mamilioni ya mistari, lililounganishwa na mengine manne au matano, hasara hiyo hiyo huwa ya dakika. Tena mpango hubeba zaidi ya njia: ndani yake mna pia kadirio la kumbukumbu ya kupangia data. Mpango uliotungwa kwa mistari 2 huomba kumbukumbu kidogo, na ikija mistari mingi seva hulazimika kumwaga kazi kwenye diski.

Mpango haukai milele. Seva ikiwashwa upya, takwimu zikisasishwa, au kumbukumbu ikibanwa, mpango huondolewa, na mtu wa kwanza kuja baada ya hapo ndiye anayeamua hali ya wengine. Ndiyo maana ugonjwa huu huja ghafla na kupona ghafla, na ndiyo maana wengi huamini kwamba kuwasha seva upya ni dawa. Kinachotokea ni kwamba mpango umetungwa upya, safari hii kwa thamani yenye bahati.

Kuna mtego mwingine unaowapotezea watu siku nzima. Msimamizi huchukua swali linalolalamikiwa, huliendesha kwenye dirisha la SQL Server Management Studio, nalo hujibu mara moja. Huhitimisha kwamba kosa liko kwenye mtandao au kwenye programu. Kumbe dirisha hilo huwasha mpangilio wa `ARITHABORT`, wakati programu nyingi huunganishwa ukiwa umezimwa, na seva hutunza mipango tofauti kwa mipangilio tofauti. Msimamizi ametungiwa mpango wake mpya, na ule mbovu bado unawatesa watumiaji.

Ushahidi wa kweli umo ndani ya mpango wenyewe. Ukifunguliwa baada ya swali kuendeshwa, huonyesha `ParameterCompiledValue`, thamani iliyonuswa, na `ParameterRuntimeValue`, thamani iliyotumika. Ya kwanza ikiwa 897 na ya pili 870, huku seva ikiwa ilikadiria mistari 2 na ikapata 4,688, hakuna haja ya kutafuta mchawi.

Tiba ya kwanza ya kufikiria ni faharasa. Ikiongezewa safu za `OrderQty` na `UnitPrice`, zile safari za kurudi kwenye jedwali hukoma, na mpango mmoja huwafaa wote wawili, wa chupa na wa fremu. Pale isipowezekana, kuna `OPTION (RECOMPILE)`, inayoilazimisha seva itunge mpango upya kila mara. Inafaa kwa ripoti inayoitwa mara chache kwa saa. Kwa swali linaloitwa mara mia kwa sekunde, ni mzigo mzito kwa kichakato.

`OPTIMIZE FOR UNKNOWN` huiambia seva isinuse, itumie wastani. Bidhaa zilizouzwa ni 266, kwa hiyo wastani ni mistari 456 kwa kila bidhaa: nyingi mno kwa fremu, chache mno kwa chupa. Ndiyo maana kuzima kunusa kabisa si uamuzi wa busara. Kwenye data iliyosambaa sawasawa, kunusa husaidia kila siku bila mtu kujua. Kinacholeta madhara ni mpango wa mmoja kulazimishwa kwa wote pale data inapoelemea upande mmoja.

Toleo la 2022 la SQL Server linaweza kutunza hadi mipango mitatu kwa sharti moja la swali, wa mistari michache, ya wastani na mingi, lakini kwa masharti ya usawa tu, na hifadhidata iwe imepandishwa hadi kiwango cha 160.

Kwa anayesimamia mfumo uliochelewa ghafla: hifadhi mpango uliopo kwanza, au hakikisha Query Store, iliyopo tangu toleo la 2016, imewashwa ikutunzie. Kisha tumia `sp_recompile` kwa prosija hiyo moja, badala ya kuwasha seva nzima upya.