Kombe la Pedi: Jinsi ya Kuwachuja Washindani 16 Bila Kumwonea Mtu

Katika mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, vijana wengi siku hizi huujua mpira kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya viatu na uwanja, ambayo wazazi wao waliikulia wakiishangilia Espoir FC. Njia ya pili ni ile ya runinga, mashine ya PlayStation na pedi, yaani kile kifaa cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba. Likizo zikifika, vijana huchanga fedha kidogo, hutafuta zawadi na kuandaa kombe. Mara nyingi ugomvi huanza kabla ya jua kutua: huyu anasema amepangiwa mshindani mgumu makusudi, yule anadai amecheza mchezo mmoja tu ilhali ametoa mchango sawa na bingwa.

Chanzo cha ugomvi huo kwa kawaida si tabia mbaya ya vijana. Chanzo ni mpango wa mashindano. Mpango ndio unaoamua kila mtu atacheza mara ngapi, atasamehewa makosa mangapi, na siku itakwisha saa ngapi. Kwa hiyo mzazi, mwalimu au mkuu wa kambi anayeombwa kusimamia kombe la namna hii anapaswa kuchagua mpango kwanza, ndipo apokee mchango.

Tuchukue mfano wa vijana 16 wenye mashine 2. Kila mchezo una vipindi viwili vya dakika 6. Ukiongeza mapumziko, kuchagua timu na kupeana nafasi, mchezo mmoja huchukua kama dakika 20. Kwa kuwa mashine ni mbili, kila dakika 20 michezo miwili huchezwa kwa pamoja. Hiyo tuiite zamu moja.

Mpango wa kwanza ni mtoano: anayeshindwa anatoka. Hesabu yake ni nyepesi, kwani kila mchezo humtoa mtu mmoja, na ili abaki bingwa peke yake ni lazima watoke 15. Kwa hiyo kuna michezo 15. Raundi ya kwanza huchukua zamu 4, robo fainali zamu 2, nusu fainali zamu 1 na fainali zamu 1. Jumla ni zamu 8, yaani saa 2 na dakika 40. Kombe likianza saa tatu asubuhi, kabla ya saa sita mchana bingwa amepatikana. Lakini tazama upande wa pili: ifikapo saa nne na dakika 20 vijana 8, yaani nusu yao, wamekwisha kutolewa. Kila mmoja wao amepewa dakika 20 tu kwa mchango wake wote.

Mpango wa pili ni wa makundi. Vijana 16 hugawanywa katika makundi 4 ya watu 4, na ndani ya kundi kila mmoja hucheza na wenzake wote watatu. Kila kundi lina michezo 6, kwa hiyo makundi yote yana michezo 24. Wawili wa juu wa kila kundi huingia robo fainali, na kutoka hapo mtoano hufuata kwa michezo 7. Jumla ni michezo 31, ambayo ni zamu 16, au saa 5 na dakika 20. Kombe lililoanza saa tatu asubuhi litakwisha baada ya saa nane mchana. Bei yake ni muda na umeme. Faida yake ni kwamba hakuna anayekwenda nyumbani kabla ya kucheza mara tatu, na aliyeteleza mchezo wa kwanza anaweza kujikomboa.

Upo mpango wa tatu, wa mtoano wa nafasi mbili. Anayeshindwa mara ya kwanza huteremka ngazi ya chini na kuendelea. Akishindwa tena ndipo anatoka. Hapa watu 15 watashindwa mara mbili kila mmoja, kwa hiyo kuna michezo 30, au 31 ikiwa bingwa naye ameshindwa mara moja. Idadi inakaribia ile ya makundi, lakini karatasi yake ya ratiba ni ngumu kuifuata. Penye watazamaji wengi na msimamizi mmoja, makundi ni salama zaidi.

Je, wakija vijana 13 badala ya 16? Mtoano hupenda idadi ya 4, 8, 16 au 32, ambazo hugawanyika kwa mbili hadi abaki mmoja. Msimamizi huhesabu nafasi zinazokosekana kufikia 16, ambazo ni 3. Basi vijana 3 huvuka raundi ya kwanza bila kucheza, na 10 waliobaki hucheza michezo 5. Washindi 5 pamoja na wale 3 hufanya 8 wa robo fainali. Nafasi hizo 3 zitolewe kwa kura ya wazi mbele ya wote. Zikitolewa kwa siri, hata msimamizi mwaminifu atashukiwa.

Mashindano makubwa ya dunia hutumia ngazi hizi hizi, ila kwa vipimo vikubwa. Mfano mzuri ni FIFA eWorld Cup ya mwaka 2018, iliyochezwa kwa mchezo wa FIFA 18. Mchujo ulianzia majumbani kwa njia ya intaneti, ambako mshindani aliweza kucheza hadi michezo 40 katika mwisho mmoja wa juma. Michezo mingi kiasi hicho huondoa bahati, kwa maana mtu anaweza kubahatisha mara moja, si mara 40. Waliofuzu, 128 kwa idadi, walikutana Amsterdam, na kati yao 32 wakaenda London mwezi wa Agosti. Nusu walicheza kwa PlayStation na nusu kwa Xbox. Huko walianza kwa makundi, kisha mtoano.

Fainali yake ina funzo. Mosaad Al-Dossary wa Saudi Arabia alikuwa mtu wa Xbox, na Stefano Pinna wa Ubelgiji alikuwa mtu wa PlayStation. Pedi za mashine hizo mbili hazifanani kwa umbo, na aliyezoea moja hupotea kidogo akishika nyingine. Kwa hiyo walicheza michezo miwili, mmoja kwa kila mashine, mfano wa nyumbani na ugenini. Mosaad alishinda kwa jumla ya magoli 4 kwa 0, akachukua dola 250,000. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mashine ndiyo iliyomfunga Pinna.

Makundi nayo yana mtego wake. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1982, huko Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua tayari matokeo ya Algeria, iliyokuwa imemaliza michezo yake siku moja kabla. Ushindi mdogo wa Wajerumani ungezivusha zote mbili. Wajerumani walipata goli moja mapema, kisha pande zote zikapasiana mpira bila haja ya kushambulia. Algeria, iliyokuwa imewafunga Wajerumani hao hao 2 kwa 1, ikatolewa. Tangu mwaka 1986 michezo ya mwisho ya kila kundi huchezwa kwa saa moja. Jambo hilo linaweza kutokea Kamembe pia, kati ya marafiki wawili wanaohitaji sare tu. Kwa bahati njema, kundi la watu 4 huwa na michezo miwili ya mwisho, na mashine zilizopo ni mbili. Ichezwe kwa pamoja.

Baadhi ya wazazi huuliza kama kijana aliye hodari wa pedi atakuwa hodari uwanjani. Jibu lapatikana kwa kutazama kazi yenyewe. Uwanjani mchezaji ana mwili mmoja na nafasi moja. Kwenye pedi mtu mmoja ana wachezaji 11, lakini huongoza mmoja tu kwa wakati, na wengine huendeshwa na mashine. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza wa pedi ni kubadili mchezaji kwa wakati ufaao, kazi ambayo katika PlayStation hufanywa kwa kitufe cha L1. Ujuzi huo hauna mfano wake uwanjani. Mwanafunzi wa pedi hujulikana upesi: humchukua beki wa kati na kumkimbiza nyuma ya mpira, akaacha shimo mbele ya goli. Mzoefu humwacha beki mahali pake, akarudisha kiungo kuziba njia ya pasi.

Tofauti ya pili ni macho. Kijana wa pedi hutazama uwanja kutoka juu, akaona mtu aliye nyuma ya mchezaji wake. Uwanjani macho yako chini, na mchezaji asiyegeuza shingo kabla ya kupokea mpira hunyang'anywa. Tofauti ya tatu ni mguu. Kwenye pedi nguvu ya pasi hutokana na muda wa kubonyeza, na usahihi wake hutegemea pia alama ambazo mashine imempa mchezaji yule. Uwanjani pasi hutokana na kifundo, goti, pumzi na hali ya nyasi. Kinachofanana ni akili ya nafasi: kujua lini pasi itolewe, jinsi ya kukwepa kuotea, na kutulia wakati wa penalti. Kijana ataweza kuyabeba hayo kwenda uwanjani, lakini mguu wake utahitaji mazoezi yake wenyewe.

Kwa kuwa alama za mashine zina nguvu kiasi hicho, msimamizi asiache kila mtu achague timu apendayo pasipo sharti. Katika matoleo kadhaa ya michezo ya FIFA ipo hali inayowapa wachezaji wa timu zote alama 85, ili wapimwe vidole na si timu.

Yabaki mambo matatu ya kuandikwa ukutani kabla ya mchezo wa kwanza. Pedi zijaribiwe: iwekwe mezani bila kuguswa, na mchezaji akitembea mwenyewe, kijiti kimechakaa na pedi hiyo isitumike. Kusimamisha mchezo kuruhusiwe mpira ukiwa umetoka tu, kwani wako wanaobonyeza wakati mwenzao yu karibu kufunga. Tena msimamizi aandike magoli na dakika kila goli linapoingia. Umeme ukikatika katika dakika ya 70 timu moja ikiongoza 2 kwa 1, mchezo hauanzi upya: hubaki 2 kwa 1, na huchezwa zile dakika 20 zilizobaki za saa ya mchezo. Asipoandika, atabaki na mashahidi wawili, na kila mmoja atakumbuka ushindi wake.