Paka Anapokoroma Anakuambia Nini?

Saa kumi na moja alfajiri, paka amepanda kitandani. Anakukanda tumbo kwa miguu ya mbele kama anayekanda unga wa chapati, huku anakoroma. Kukanda ni tabia ya utotoni: kitoto cha paka hukanda chuchu za mama ili maziwa yatoke. Wengi hawaiachi hata wakizeeka.

Mkoromo una mengi zaidi. Zamani ilidhaniwa ubongo huamuru misuli ya zoloto icheze bila kukoma. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walipuliza hewa kwenye mazoloto ya paka waliokwisha kufa, na sauti nzito ya mkoromo ikatoka, bila misuli wala ubongo. Ndani ya nyuzi za sauti walikuta vinyama laini ambavyo huenda ndivyo vinavyozifanya zitikisike polepole.

Paka mwenye njaa huongeza ujanja. Mwaka 2009, Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex alionyesha kuwa mkoromo wa kuomba chakula umefichwa ndani yake mlio mwembamba, unaokaribia kilio cha mtoto mchanga. Ndiyo maana huwezi kuupuuza!

Na yule panya mlangoni? Paka mama huwaletea watoto mawindo wajifunze kula na kuwinda. Huenda silika ni hiyohiyo.

Ila paka mgonjwa pia hukoroma. Akikoroma huku amejificha na hali chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo.