Jostiki Inayomfuata Mchezaji

Chukua simu mbili zenye vioo vya inchi 6.5. Ya kwanza ina pikseli 1600 kwa 720, ya pili 2400 kwa 1080. Mtengeneza gemu akichora jostiki ya duara, tuseme pikseli 150 kutoka katikati hadi ukingoni, kwenye simu ya kwanza umbali huo utakuwa milimita 14 hivi, na kwenye ya pili utapungua hadi 9. Kioo ni kilekile kwa ukubwa, lakini pikseli za simu ya pili ni ndogo zaidi.

Wengi wakiligundua hilo hukimbilia asilimia. Duara zima, wanasema, lichukue asilimia 30 ya kimo cha kioo simu ikiwa imelazwa. Kwenye simu zetu mbili hesabu inakubali: kimo ni kama milimita 68, hivyo jostiki ina upana wa 20. Lakini fungua gemu hiyo kwenye tableti ya inchi 10.1, ambayo kimo chake hufika milimita 136. Jostiki sasa ina upana wa milimita 41, na mchezaji hawezi kuisukuma hadi mwisho bila kulegeza mkono ulioshika tableti. Kioo kimekuwa mara mbili, kidole gumba hakikukua.

Kipimo cha kuaminika ni milimita, kwa sababu ndicho kinachohusu mkono:

```
pikseli = milimita × pikseli_kwa_inchi ÷ 25.4
```

Simu ya kwanza ina pikseli 270 kwa kila inchi, ya pili 405. Tukitaka milimita 10 kutoka katikati hadi ukingoni, ya kwanza itapewa pikseli 106 na ya pili 159, na mchezaji hatahisi tofauti. Tatizo ni kwamba baadhi ya simu hutoa takwimu ya makadirio, si ya kweli. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kwenye mipangilio ya gemu pawe na sehemu ya kukuza na kupunguza vitufe kwa mkono.

Ukubwa ukishapatikana, linabaki suala la mahali. Jostiki iliyogandishwa pembeni humlazimisha mchezaji kuitafuta kwa macho, kwani kioo ni laini na kidole hakihisi ukingo wowote. Bora nusu ya kushoto ya kioo iachwe wazi, na popote gumba litakapotua pawe ndipo katikati ya jostiki. Mwenye mkono mdogo atagusa karibu na kona, mwenye vidole virefu atagusa ndani zaidi, na wote wawili watahudumiwa na hesabu ileile.

Gumba halitulii, hata mchezaji akidhani hajalisogeza. Nyama yake hujibana na eneo linaloguswa huhama kidogo. Kwa hiyo milimita moja na nusu ya kwanza isihesabiwe. Baada ya hapo mwendo uanze kutoka sifuri na kupanda taratibu, la sivyo mhusika atasimama tuli kisha aruke ghafla. Gumba likivuka ukingo wa duara, katikati ivutwe ilifuate, ili mchezaji akitaka kugeuka asilazimike kurudi safari ndefu.

Kuna mtego kwenye ukingo wa kioo. Gumba likitua milimita 4 kutoka pembeni, halina milimita 10 za kusukumia kushoto, na mhusika hatafikia mbio kamili upande huo. Ukisogeza katikati ndani, ataanza kutembea kabla ya kuamriwa. Suluhisho ni kufupisha upande huo tu: milimita 3 zihesabiwe kuwa mwendo kamili.

Vitufe vya kulia havipaswi kupangwa kwa mstari ulionyooka. Gumba huzunguka kwenye shina lake, hivyo ncha yake huchora upinde. Kabla ya mchezo kuanza, mwombe mchezaji ashike simu kama kawaida na agonge pale gumba linapotua bila kujinyoosha. Kitufe kinachotumika zaidi, kama cha kupiga, kiwekwe hapo. Vingine vifuate upinde huo, kila kimoja milimita 12 kutoka kwa jirani yake, kitovu hadi kitovu.

Kosa linalosahaulika zaidi huonekana simu inapopigiwa katikati ya mchezo: mchezaji akirudi, anamkuta mhusika bado anakimbilia ukutani. Mfumo ulikikatiza kidole, lakini gemu ilisubiri taarifa ya kuinuliwa ambayo haikuja. Kwenye kivinjari, tukio `pointercancel` lishughulikiwe sawasawa na `pointerup`, na kila kidole kifuatwe kwa `pointerId` yake, ili kuachia kitufe cha kulia kusizime jostiki ya kushoto. Kulijaribu ni rahisi: shikilia jostiki, mwenzako akupigie, kisha rudi kwenye gemu bila kugusa kitu. Mhusika awe amesimama.